Retrete ya siku moja, watu 24, dola 900: isiwe tena brosheti na tisheti tu

Karani_Kampemba
Habari zenu wakubwa na wadogo. Ninashughulikia mambo ya wafanyakazi kwenye kooperative moja ya akiba na mkopo hapa Lubumbashi. Tuko watu 24: ofisi kuu, agensi ya mjini na agensi ya Kenya (wasio wa hapa, Kenya ni komuni yetu, si ya Nairobi).

Mwaka jana tulifanya retrete ya siku moja kando ya maji. Tulivaa tisheti za rangi moja, tukavuta kamba, tukala brosheti, pasta mmoja akatuhubiria umoja, na alasiri tukagawanywa makundi "tutoe mawazo". Yalitoka mawazo 41. Najua idadi kwa sababu nimeyahesabu wiki iliyopita, nilipozikuta zile padeksi, karatasi kubwa tulizoandikia, zimeviringishwa nyuma ya kabati la mapokezi, kona moja imeliwa na panya. Hakuna hata wazo moja lililofanyika.

Mwaka huu mkurugenzi amenipa dola 900 na tarehe: Ijumaa moja ya katikati ya mwezi wa saba. Rasimu yangu ya ajenda ina mada 11: mawasiliano, nidhamu, mapokezi ya wanachama, mikopo inayochelewa, usafi, na kadhalika. Hotuba ni nne. Nataka siku hii izae kitu. Nianzie wapi? Na je, nitafute mtu wa nje wa kuongoza, au mkurugenzi mwenyewe atuongoze?

Mtoto_wa_Kenya
Jambo yenu bote. Miye niko na swali moya tu: transpori atalipa nani? Sababu kwetu banatulipaka asubui, dola kumi kumi, unatia sinyatire. Saa sita nusu ya bantu balisha kuenda. Njo vile.

Mzee_Makomeno
Mwanangu, umefanya vizuri kuleta jambo la retrete. Mimi nilifanya kazi miaka 31, na karatasi zangu za michango za miaka ya mwanzo hazionekani. Waambie wafanyakazi wako wote 24 wachunguze majina yao kwenye mfuko wa CNSS mapema, wasingoje miaka 60. Siku moja haitoshi kwa jambo hilo.

Karani_Kampemba
Vye, asante sana. Hapa tunasema retrete ya kwenda kukaa pamoja na kutafakari kazi, siyo pensheni. Ila shauri lako nitalipeleka, kuna wawili ofisini jambo hilo linawahusu.

Mzee_Makomeno
Ah. Kifaransa kimetuletea jina moja kwa mambo mawili. Basi nasoma tu.

Papa_Mhasibu
Mada 11 si tatizo kama kila moja ina lengo linalopimika. Gawanya siku: dakika 40 kila mada, mtu anaandika uamuzi, mnasonga. Na sioni haja ya mtu wa nje. Mkurugenzi anaijua nyumba yake, aongoze mwenyewe, mtaokoa dola 200 au 300. Michezo ondoa kabisa. Kamba haijawahi kufunga hesabu ya mwaka.

Mama_Padeksi
Karani, nimeongoza siku za namna hii miaka mingi, kwa mashirika na kwa kampuni ndogo zinazohudumia migodi. Papa Mhasibu ana haki kwenye neno moja, "linalopimika". Mengine nitayapinga polepole.

Dakika 40 kwa watu 24: kila mtu akipewa nafasi, hafikishi dakika mbili. Hapo hakuna uamuzi, kuna foleni ya maoni. Siku moja inabeba jambo moja zito, na pembeni pengine dogo la pili. Kwa hiyo kabla hatujagusa ajenda nakuuliza: Jumatatu itakayofuata, mwanachama akisimama dirishani kwenu, ni kitu gani anatakiwa akione kimebadilika? Usijibu "mawasiliano". Mwanachama haoni mawasiliano.

Karani_Kampemba
Mama, nikijibu kwa moyo wangu: mkopo. Mtu analeta dosye ya dola 300 za kununulia bidhaa, na sisi tunamjibu baada ya wiki tatu. Msimu wa bidhaa yake umepita. Wengine wameanza kukopa kwa watu wa mtaani wenye riba ya kunyonga.

Mama_Padeksi
Basi mada yako umeipata, na zile 10 nyingine zifunge. Usizifute, ziandike kwenye karatasi moja yenye tarehe ya kuzijadili kwenye vikao vyenu vya kawaida, ili mtu wa usafi asione amedharauliwa.

Sasa kazi ya kabla ya siku, maana ndiyo inayoamua. Kwa uzoefu wangu, siku moja ya kukaa inataka siku mbili au tatu za kutayarisha.

Chukua dosye 10 za mkopo zilizolipwa hivi karibuni, tano za kila agensi, usichague. Fungua kila moja uandike tarehe tu: ilipokelewa lini, ajenti alimtembelea mwanachama lini, komite ilikaa lini, ilisainiwa lini, keshia alilipa lini. Funika majina ya wanachama na ya maajenti, weka namba. Tunatafuta mahali dosye inapolala, hatutafuti aliyeilaza.

Halafu ongea na watu saba, mmoja mmoja, dakika 15, kutoka kila ngazi, mlinzi wa mlangoni pia. Usiwaulize "changamoto ni zipi?", watakujibu kama redio. Uliza: "Mara ya mwisho ulipoona dosye imekwama, ilikwama wapi, na wewe ulifanya nini?" Hapo utasikia habari yenyewe.

La tatu ni gumu zaidi. Kaa na mkurugenzi, mkubaliane kwa maandishi yapi yanaweza kuamuliwa siku hiyo na yapi ni ya baraza la utawala. Watu wakiamua kitu saa nane, kisha saa kumi wakaambiwa "hilo siyo letu", mwaka kesho hawatafungua midomo.

Mwalimu_Likasi
Naongeza la kwangu. Mimi ni mwalimu hapa Likasi. Shule moja niliyofanya kazi zamani ilitupeleka siku nzima "kusema ukweli". Kiongozi alisema kila mtu aandike kinachomkera. Kikaratasi cha tatu kilichosomwa kilikuwa na jina la mama mmoja wa sekretarieti. Cha nne pia. Mpaka saa sita tulikuwa kwenye kesi, yule mama analia, na hakuna aliyejua namna ya kuisimamisha. Aliacha kazi mwezi uliofuata. Kwa hiyo mimi "ukweli" wa namna hiyo naogopa. Afadhali kamba na brosheti.

Mama_Padeksi
Mwalimu, pole. Ndiyo maana nasema dosye na tarehe. Watu wakiangalia ukuta wenye siku na hatua, vidole vinaelekea ukutani. Wakiulizwa "nini kinakukera", vidole vinaelekea kwa mtu. Na ikitokea jina limeandikwa, kiongozi hasomi kikaratasi hicho mbele ya watu. Anakiweka mfukoni, analishughulikia jambo pembeni na mwenye mamlaka. Kiongozi asomaye vikaratasi kwa sauti bila kuvipitia kwanza na macho ni kama dereva anayefunga macho kwenye kona.

Karani_Kampemba
Nimerudi na hesabu. Ilinichukua siku moja na nusu, na nilikunywa vumbi la arshivu.

Kwa wastani wa dosye 10, mkopo unachukua siku 19. Siku 6 dosye inangoja ajenti aende kumtembelea mwanachama. Siku 5 inangoja komite ya mikopo, ambayo inakaa Alhamisi peke yake. Siku 4 zinaliwa na nenda-rudi ya karatasi zilizokosekana, mara picha ya mdhamini, mara uthibitisho wa makazi. Siku 3 iko mezani kwa mkurugenzi. Siku 1 kwa keshia. Kazi yenyewe ya mikono na macho, nikijumlisha, haifiki masaa matano.

Papa_Mhasibu
Haya, sasa mna jibu tayari! Retrete ya nini? Mwambie mkurugenzi asaini ndani ya siku moja, komite ikae mara mbili, mwanachama alete karatasi zote. Waraka wa ukurasa mmoja. Dola 900 mnunulie moto nyingine, pikipiki iliyotumika.

Mama_Padeksi
Hapo Papa umenigusa, na mara nyingine ningesema ndiyo. Kama jambo linatibika kwa waraka, usiwakusanye watu 24. Lakini hesabu inaonyesha dosye inalala wapi, haisemi kwa nini. Kwa nini Alhamisi? Kwa nini dirishani wanapokea dosye pungufu? Kila mmoja ana kipande cha jibu, na hawajawahi kukaa pamoja. Waraka utasema "karatasi zote", na yule wa dirishani atapokea pungufu kama kawaida, kwa sababu anayo sababu yake ambayo wewe na mimi hatuijui.

Juu ya mkurugenzi kuongoza: hapana. Siku 3 kati ya 19 ziko mezani kwake. Nani atasimama kuyasema hayo na yeye ndiye ameshika makeri ya kuandikia? Anayeongoza mazungumzo asiwe na lake kwenye jibu. Kama pesa ni ndogo, badilishaneni: mtafute anayeshughulikia wafanyakazi kwenye ofisi nyingine isiyo mshindani wenu, aje kwenu siku moja, nawe utakwenda kwao. Mimi nimeona ikifanya kazi vizuri, mradi ameelezwa kabla na amekuja kupaona mahali.

Karani_Kampemba
Ninaye rafiki kwenye shirika moja la afya, atakubali. Sasa siku yenyewe niipange vipi? Na mahali: mkurugenzi anataka Likasi, hoteli nzuri.

Mwalimu_Likasi
Karibuni Likasi, ila ni kilomita 120 hivi na malori ya madini mnayajua. Mtafika mmechoka, na kuanzia saa nane watu wataanza kuwaza giza la njiani.

Mama_Padeksi
Kaeni Lubumbashi. Tafuta payoti, banda la nyasi, au ukumbi wa parokia wenye kiwanja, viti vinavyohamishika, bila meza kubwa katikati. Usitegemee projekta, umeme ukikatika saa tatu siku yako imekwisha. Karatasi ukutani haikatiki. Ila kuta za chokaa hazishiki skochi, na kipwe kina upepo: nunua kamba mita 20 na vibanio vya nguo hamsini, utundike padeksi kama nguo. Mimi navitembeza kwenye buti la gari mwaka mzima.

Kwenye kamba ya kwanza tundika zile dosye 10 kama tepe za karatasi, siku moja sentimita 5. Dosye ya siku 19 inatoa utepe wa sentimita 95. Mahali mtu alipokuwa akiifanyia kazi paka rangi nyekundu, pengine pote acha peupe. Utaona watu wanavyonyamaza. Kwa utepe huo huhitaji hotuba.

Asubuhi mpe mkurugenzi dakika 10, saa imeshikwa. Aseme mambo mawili: tunataka nini mpaka jioni, na mipaka ya uamuzi mliyokubaliana. Baada ya hapo asiseme mpaka mwisho. Mkae naye jana yake mfanye mazoezi ya kunyamaza, sisemi kwa utani. Akisema wazo lake saa tatu, mpaka saa nne wote watakuwa na wazo hilo hilo.

Kisha watu watembee kwenye tepe wawili wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa Kenya, na kila mtu aandike peke yake, kimya, dakika saba, kabla ya kuongea. Kimya hicho usikifupishe. Diehl na Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wanaowaza kila mmoja peke yake, ukiunganisha walichoandika, wanatoa mawazo mengi kuliko idadi ileile ikizungumza kwa pamoja, kwa sababu anayengoja zamu wazo linamtoka. Nasi huku tuna sababu nyingine: mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Kuandika anaandika.

Makundi manne ya watu sita, kila kundi na sehemu moja ya utepe: matembezi, karatasi, komite, saini. Mpaka chai waseme sababu tu. Ukiwaruhusu suluhisho mapema, watakuletea kompyuta mpya. Baada ya chai ndiyo mapendekezo.

Mchana, bukari na sombe na samaki, kisha hakuna mtu atakayefikiri kwa dakika arobaini. Hapo ndipo weka mchezo. Vuteni kamba! Papa Mhasibu anisamehe. Mchezo ukiwa na saa yake haukuli siku, unaamsha damu.

Alasiri chagueni. Kila mtu ana alama tatu za makeri, anaziweka kwenye mapendekezo yanayomvutia, mkurugenzi anaweka wa mwisho. Mapendekezo matano na si zaidi. Halafu fanya jambo ambalo Gary Klein aliliandika mwaka 2007, mimi nalipenda: waambie "tuko mwezi mmoja mbele, mpango huu umekufa kabisa, andikeni ulikufaje." Usiwaulize "kuna hatari gani?", kwa swali hilo watu wanakuwa na adabu. Ukiwaambia umeshakufa, ulimi unafunguka.

Mwisho, kila uamuzi uandikwe mbele ya wote: jina moja la mtu aliyeko ukumbini, tarehe, hatua ya kwanza ndani ya siku saba, na alama ambayo mtu yeyote anaweza kuiona. "Kuboresha" ni neno lililofungwa siku hiyo.

Mtoto_wa_Kenya
Mama anasema muzuri. Lakini transpori?

Karani_Kampemba
Ndugu yangu, tutakodi basi dola 120, inawachukua na kuwarudisha. Hakuna pesa mkononi. Chakula na vinywaji dola 12 kwa kichwa, 288. Chai na mikate 72, payoti 150, padeksi, makeri, kamba na vibanio 40. Jumla 670. Zimebaki 230 na mkurugenzi bado anataka tisheti.

Kinachonisumbua ni dirisha. Ijumaa wanachama wanakuja kutoa pesa. Jumamosi siwezi, tuna Waadventista wanne.

Papa_Mhasibu
Acha keshia wawili kazini. Kufunga siku nzima ni kuwafundisha wanachama kwenda kwingine.

Mama_Padeksi
Mimi ningefunga, tangazo mlangoni wiki mbili kabla. Keshia wawili mliowaacha ndio watakaosema "sisi hatukuwepo" kila mkiwaletea mpango.

Papa_Mhasibu
Wewe unaongoza retrete, mimi nafunga kasha jioni. Hatutakubaliana.

Karani_Kampemba
*(wiki tatu baadaye)*
Nilichelewa kuandika, mnisamehe. Tulifanya. Dirisha la mjini tulilifunga, la Kenya keshia mmoja alibaki mpaka saa sita kisha akatufuata na taksi. Nusu ya Mama, nusu ya Papa.

Asubuhi ilikuwa baridi ile ya kipwe, watu wameshika vikombe kwa mikono miwili, na padeksi zinapiga kelele kwenye kamba kama tanga. Vibanio vilituokoa. Mkurugenzi alitumia dakika 14 badala ya 10. Kisha akakaa kimya kweli, mpaka saa tano kasoro, ajenti wa Kenya aliposema moto ya agensi "ina breki za kumwomba Mungu" na kwamba moto hiyo hiyo inatumika kufuata wenye madeni. Mkurugenzi akasimama kujitetea. Rafiki yangu wa shirika la afya akamwambia kwa heshima, "Papa, saa yako ni kumi." Ukumbi ulicheka, na yeye akakaa.

Lakini niwaambie la Alhamisi. Kundi la komite walijiuliza kwa nini Alhamisi, na hakuna aliyejua. Mama mmoja wa akaunti, mkongwe wetu, akasema: miaka mingi iliyopita mmoja wa komite alikuwa anafundisha chuo, siku yake ya nafasi ilikuwa Alhamisi. Mtu huyo aliondoka kitambo. Alhamisi ikabaki. Siku 5 za wanachama wetu zilikuwa zinangoja ratiba ya mtu asiyekuwepo. Papa Mhasibu, jambo hilo waraka usingelileta.

Na dirishani: wanapokea dosye pungufu kwa sababu kila mwezi wanahesabiwa idadi ya dosye walizopokea. Wakimrudisha mtu, namba yao inashuka. Hesabu hiyo nilianzisha mimi. Niliangalia chini.

Tumetoka na maamuzi matano. Komite itakaa Jumatatu na Alhamisi. Orodha ya karatasi imebandikwa dirishani kwa Kiswahili na Kifaransa, na dosye pungufu haipewi namba. Mimi nimefuta ile hesabu yangu, sasa tunahesabu dosye zilizokamilika. Moto ya Kenya: Jumanne na Ijumaa ni ya matembezi ya mikopo tu. La tano, saini ya mikopo midogo iishie kwa shefu wa agensi. Hili mkurugenzi alitaka kulitangaza papo hapo, furaha imempanda, tukamwonyesha karatasi ya mipaka aliyoisaini mwenyewe. Ni la baraza. Kwa hiyo tumeliandika kama ombi, na mkurugenzi ndiye mwenye jina.

Tisheti hazikununuliwa. Tumemlipa fundi wa breki.

Mwalimu_Likasi
Na hakuna aliyelia?

Karani_Kampemba
Vikaratasi viwili vilikuwa na jina la mtu. Vilikwenda mfukoni. Kimoja tumekimaliza kwa mazungumzo, kingine bado.

Mama_Padeksi
Hongera kwa Alhamisi. Sasa ndipo kazi zinapokufa, baada ya picha. Picha ya padeksi iende kwenye kundi la WhatsApp usiku uleule. Kila Ijumaa dakika 15 mkiwa mmesimama, kila mwenye jina anasema kimefanyika au hakijafanyika, bila hadithi. Kikao hicho asikiendeshe mkurugenzi. Na siku ya 30 chukua dosye 10 mpya uzipime kwa kipimo kilekile, usibadilishe kipimo.

Karani_Kampemba
*(katikati ya mwezi wa nane)*
Nimepima. Dosye 10 mpya: siku 12. Komite imeshuka kutoka 5 mpaka 2. Karatasi kutoka 4 mpaka 1. Saini bado 3, baraza halijakaa. Keshia 1. Matembezi yametoka 6 mpaka 5 tu. Wiki ya kwanza ratiba ya moto ilifuatwa, ya pili watu wa madeni waliichukua Jumanne, na ikawa basi.

Papa_Mhasibu
Siku 12 ni nzuri, nakiri. Lakini dosye 10 ni chache, na mwezi wa nane mikopo ni michache. Ngoja mwezi wa tisa shule zifunguliwe, wazazi wote wako mlangoni, tuone hizo siku 12.

Mama_Padeksi
Papa yuko sahihi kabisa. Pima tena mwishoni mwa mwezi wa tisa, dosye 20. Na Karani, kwenye padeksi, kwenye mstari wa moto, jina lililoandikwa ni la nani?

Karani_Kampemba
Nimekwenda kuangalia. Imeandikwa "maajenti wote wa Kenya". Ilikuwa saa kumi na robo, basi limeshawasha injini.

Mama_Padeksi
Ndiyo hapo.

Karani_Kampemba
Kesho ni Ijumaa. Makeri ninayo. Nitamuuliza yule wa breki za kumwomba Mungu kama anakubali jina lake liandikwe, na ufunguo wa moto ulale kwake Jumatatu na Alhamisi usiku.

Mtoto_wa_Kenya
Na esansi ya ile moto, atalipa nani?